Waifai imelala, intaneti iko macho

*Fundi, nyumbani Tanga tuna kile kiboksi cheupe cha faiba, Huawei HG8145V5, na ruta tuliyonunua wenyewe, TP-Link Archer C6, iliyounganishwa nacho kwa waya. Nataka usiku waifai izimwe watoto walale, lakini kompyuta ya mume wangu ya waya iendelee na kazi, na kamera ya getini, ambayo ni ya waifai, isilale. Juzi nilizima kwa simu nikiwa kitandani, asubuhi nikashindwa kuwasha, na bado mwanangu mkubwa alikuwa yumo YouTube. Nini hasa kinazimika? Nitumie kitufe au ule ukurasa wa ruta? – Mama wa watatu*

Dada yangu, tuanze na huyo mkubwa aliyekuwa YouTube, maana yeye ndiye aliyekuonyesha penye kasoro. Ulipozima kwa simu, ulizima waifai ya boksi moja tu. Nyumba yako ina maboksi mawili yanayorusha waifai, na kila boksi lina redio mbili ndani: ya 2.4GHz, ambayo ni ya polepole lakini inafika mbali, na ya 5GHz, ambayo ina kasi lakini kuta zinaichosha upesi. Kwa hiyo una redio nne. Ukizima mbili za Archer, mbili za kiboksi cheupe zinaendelea kurusha, na simu iliyowahi kuingia kule hata mara moja inakumbuka nywila na kuhamia yenyewe bila kumuuliza mtu. Huenda kijana hakufanya ujanja wowote.

Au alikuwa kwenye bando. Simu ikikosa waifai inahamia intaneti ya laini kimya kimya, na video inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku nyingine mtazamie juu ya kioo cha simu: akiwa na alama ya waifai, kuna redio nyingine iliyo hewani, akiwa na 4G, hilo ni la vocha, na hakuna ruta itakayokusaidia.

Sasa, kinachozimika ni nini? Ndani ya boksi moja la ruta wanaishi wapangaji kadhaa. Mmoja anapokea intaneti kutoka nje. Wa pili anagawa anwani kwa vifaa vya ndani na kuamua kila mzigo uende wapi. Wa tatu anashughulika na yale matundu ya waya nyuma ya boksi. Wa nne ni redio. Kuzima waifai ni kumlaza huyo wa nne peke yake. Wenzake hawana habari. Ndiyo maana kuzima waifai na kuchomoa ruta kwenye umeme ni vitu viwili tofauti kabisa: ukichomoa umeme wote wanalala, na ukirudisha unasubiri boksi liamke, lijitambulishe upya kwa kampuni ya intaneti, ndipo kompyuta ipate njia. Ukizima redio tu, mawasiliano na kampuni hayakatiki hata kidogo.

Kwa nyumba yako maana yake ni hii. Kompyuta ya mume wako, ikiwa kweli inapita kwenye waya, inaendelea kama kawaida. Televisheni iliyochomekwa waya inaendelea. Simu ya mezani iliyochomekwa kwenye tundu la simu la kiboksi cheupe, kama mnayo, inaendelea kulia. Kama ungekuwa na kamera za waya zenye mashine yao ya kurekodia, zingeendelea pia, na ungeziona kwa simu hata ukiwa Dodoma. Vinavyokatika ni vile visivyo na njia nyingine ila hewa: simu, tabuleti, televisheni ya waifai, kamera yako ya getini, na kile kirudisha mawimbi ambacho watu huchomeka kwenye soketi ya ukumbini, kwa sababu nacho kinapokea kwa hewa kabla ya kurusha.

Kuna kimoja kinachowashangaza wengi, nacho ni printa. Mume wako anaweza kuwa kwenye waya, intaneti inakwenda vizuri, lakini akituma karatasi saa sita usiku haitoki, kwa sababu printa ilikuwa ya waifai. Kompyuta iko hai, printa ndiyo imelala. Ama aichomeke kwa waya wa USB, ama asubiri asubuhi.

Nimesema "ikiwa kweli inapita kwenye waya" kwa makusudi. Laptopu nyingi zinakuwa na waya umechomekwa na waifai imewashwa vilevile, na mwenyewe haelewi ni ipi inayobeba mzigo. Wakati mwingine waya wenyewe umekatika ndani au haujaingia vizuri, na miezi yote hiyo waifai ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Hilo unaligundua usiku ule unaozima. Basi lijaribu mchana. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri na uandike:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Mistari itaanza kushuka, mmoja kila sekunde, kila mmoja ukionyesha jibu limechukua muda gani kurudi. Iache ishuke, nenda ukazime waifai ya maboksi yote mawili, kisha rudi utazame. Majibu yakiendelea, kompyuta iko kwenye waya na intaneti haijaguswa. Majibu yakikatika hapohapo, na mistari ikabaki ikionyesha hitilafu kama Request timed out au General failure, kompyuta ilikuwa ikila waifai. Majibu yakikosekana kwenye mistari michache halafu yakaendelea, usiogope: baadhi ya ruta zinapohifadhi mabadiliko zinajipanga upya kwa sekunde kadhaa. Ukitosheka bonyeza Ctrl na C kusimamisha.

Na uangalie taa za kiboksi cheupe. Ile iliyoandikwa PON inatakiwa iwe kijani iliyotulia, na ile ya LOS iwe imezimika. Hizo mbili zinahusu faiba. Ukizima waifai zisibadilike. LOS ikiwaka nyekundu, tatizo ni la waya wa faiba, wala si kitufe ulichobonyeza. Usianze kubonyeza vingine.

Tukija kwenye kitufe. Archer C6 ina kitufe nyuma kilichoandikwa WPS/Wi-Fi, na jina hilo refu ndilo lenye mtego, kwa sababu ni kitufe kimoja chenye kazi mbili zinazotofautishwa na muda wa kidole. Ukikigusa kwa sekunde moja na kuachia, hujazima kitu. Umeanzisha WPS, yaani umefungua mlango kwa dakika 2 ili kifaa chochote kilicho karibu kiweze kuingia bila nywila. Taa inaanza kupepesa, mtu anadhani anaona waifai ikizimika, anakwenda kulala. Ukikishikilia zaidi ya sekunde 2, ndipo redio zinazimika, zote mbili kwa pamoja, na ukikishikilia tena hivyohivyo zinawaka. Mimi huhesabu polepole moja, mbili, tatu, nne, naachia, kisha natazama taa za 2.4GHz na 5GHz kama zimezimika.

Karibu na kitufe hicho kuna cha Reset. Hicho nacho hushikiliwa, lakini kazi yake ni kufuta kila kitu na kuirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani: jina la waifai, nywila, na kama kampuni yenu inatumia jina la mtumiaji na nywila kuingilia intaneti, hayo pia yanafutika. Na uwe mwangalifu ukienda kwa ndugu au jirani ukataka kumfundisha ulichojifunza hapa, kwa sababu siyo ruta zote zimepangwa hivi. Ile TP-Link ndogo ya TL-WR840N, iliyojaa mitaani, ina kitufe kimoja kilichoandikwa WPS/RESET. Ukikishikilia zaidi ya sekunde 5 ukingoja waifai izimike, umefuta ruta. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni ambako mlinzi alifundishwa "shikilia mpaka taa zizime". Taa zilizima kweli, na intaneti ya nyumba nzima ikakosekana siku 2, kwa sababu aliyekuwa na karatasi ya jina na nywila ya kampuni alikuwa amesafiri. Kwa hiyo soma maandishi ya kitufe kabla ya kukigusa. Kama hakuna mahali palipoandikwa Wi-Fi au WLAN, usishikilie chochote.

Kiboksi chako cheupe, kwa bahati nzuri, kina vitufe vilivyotengana: kimoja WLAN, kingine WPS. WLAN ndicho cha redio. Ukikibonyeza, taa ya WLAN inazimika na zile nyingine zinabaki. Shimo dogo la Reset liache kabisa. Mipangilio ya faiba iliwekwa na fundi wa kampuni, na ikifutika huenda ukalazimika kumwita tena.

Ukurasa wa ruta unafanya kazi ileile ya kitufe, ila kwa undani zaidi. Kwa Archer unaandika 192.168.0.1 au tplinkwifi.net kwenye kivinjari, unaingia kwa nywila ya ruta, ambayo siyo ile ya waifai, unakwenda Advanced, kisha Wireless, kisha Wireless Settings. Pale kuna 2.4GHz na 5GHz, kila moja na kisanduku chake cha Enable Wireless Radio. Ukiondoa tiki na kubofya Save, redio hiyo peke yake inazimika. Hili ndilo ambalo kitufe hakiwezi: kuzima moja na kuacha nyingine. Usichanganye kisanduku hicho na kile cha Hide SSID kilicho jirani. Hicho kinaficha jina tu lisionekane kwenye orodha. Redio inaendelea kurusha, na simu zinazolijua jina zinaendelea kuingia kama kawaida.

Ndipo tunafika asubuhi yako. Ulizima kwa simu, na simu ilikuwa imeingia kwenye ruta kwa kupitia redio ileile uliyoizima. Ni sawa na kukaa juu ya tawi na kulikata. Ulipobofya Save amri ilifika, redio ikazimika, na simu yako ikawa nje. Kufungua 192.168.0.1 ukiwa kwenye bando hakuwezi kusaidia, kwa sababu anwani hiyo ipo ndani ya nyumba tu, haipo kwenye mtandao wa nje. Hata kama ungeingia waifai ya kiboksi cheupe usingefika, ikiwa Archer imeunganishwa kwa tundu lake la WAN, lile la kupokelea intaneti kutoka nje, kama wengi wanavyofanya. Kwa Archer, kiboksi cheupe ni "nje", na anayebisha kutoka nje hafunguliwi ukurasa wa mipangilio.

Njia iliyokuwa wazi ni ya waya. Kompyuta ya mume wako, kama imechomekwa kwenye Archer, ingefungua ukurasa uleule na kurudisha tiki. Usipokuwa na kompyuta, simu ya Android yenye tundu la USB-C inaweza kuchomekwa waya wa ruta kwa kutumia kile kiadapta cha USB-C kwenda Etheneti, zima bando kwa muda, na ukurasa unafunguka vizuri kabisa. Kiadapta hicho nakipendekeza kwa kila nyumba isiyo na kompyuta ya waya. Na kama ruta yako ni ya toleo linalokubali kusimamiwa kwa mbali, na uliiunganisha na akaunti yako kwenye Tether, programu ya simu ya TP-Link, kabla ya hapo, ungeiwasha hata kwa bando: redio imelala, lakini ruta bado ina intaneti kwa waya, kwa hiyo amri ya kutoka nje inaifikia. Neno zito hapo ni "kabla ya hapo".

Nadhani pia ulijaribu kitufe asubuhi ile na hakikusaidia. Katika ruta nyingi kitufe ni kama swichi kuu ya ukutani, na vile visanduku vya kwenye ukurasa ni swichi za taa moja moja. Ukizima taa kwa swichi yake, kuwasha swichi kuu hakuiwashi taa. Na kinyume chake: ukizima kwa kitufe kisha ukaenda kwenye ukurasa, unaweza kukuta tiki ipo na waifai haipo, ukadhani ruta imeharibika. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: ulichozimia ndicho uwashie. Kwako nashauri kitufe, na tiki zote za Archer ziachwe zimewekwa daima. Anayeamka wa kwanza alfajiri hahitaji nywila wala kompyuta, anahitaji kidole.

Imebaki kamera, na hapa yale maboksi mawili yaliyokuudhi yanageuka kuwa msaada. Kamera ya waifai ikikosa waifai haifi. Kama ina kadi ya kumbukumbu ndani, inaendelea kurekodi kwenye kadi. Kinachokosekana ni wewe kuiona kwa simu na kupata taarifa mtu akipita. Kwa getini usiku, hiyo taarifa ndiyo uliyoinunulia. Basi tuiache redio moja tu kati ya nne ikiwa hewani, na redio hiyo tuifanye ya kamera peke yake.

Kaa kwenye kompyuta ya waya, ufungue 192.168.100.1, ambao ndio kwa kawaida ukurasa wa kiboksi cha Huawei. Kompyuta iliyochomekwa kwenye Archer inaweza kufika huko, kwa sababu kutoka ndani kwenda nje mlango uko wazi. Jina na nywila ya kuingilia vinakuwa kwenye kibandiko cha chini, au alikuachia fundi. Nenda kwenye sehemu ya WLAN. Kwa redio ya 5GHz ondoa tiki ya Enable WLAN na ubofye Apply, kwa sababu kamera nyingi za bei ya kawaida hazijui 5GHz kabisa. Kwa redio ya 2.4GHz acha tiki, lakini badilisha jina, tuseme liwe "getini", na uweke nywila mpya ndefu ambayo haifanani na ile inayojulikana na nyumba nzima. Ukibofya Apply, kila simu iliyokuwa ikijificha kwenye kiboksi cheupe inatoka, pamoja na ya kijana.

Kama kamera ilikuwa hapo, itatoka nayo, kwa hiyo fanya kazi hii mchana na uiunganishe upya kwa programu yake, ikiwa na jina jipya. Simu utakayotumia kuiunganisha itabaki inaijua nywila. Ukimaliza, ingia kwenye orodha ya waifai ya simu hiyo na uisahaulishe "getini". Silisemi hili kwa kukutisha: simu za Android za siku hizi zinaweza kuonyesha waifai iliyohifadhiwa kama picha ya QR, na mtoto akiishika simu yako dakika moja anaipiga picha na kuingia.

Kabla ya kutulia, pima kama mawimbi ya kiboksi cheupe yanafika getini. Kama kipo sebuleni na geti liko upande wa pili wa nyumba, picha itakatikakatika. Simama getini na simu, tazama vijisehemu vya alama ya waifai. Vikiwa viwili au zaidi mara nyingi kamera inatosheka. Vikiwa kimoja, geuza mpango: kamera iwe kwenye 2.4GHz ya Archer yenye jina lake la pekee, kiboksi cheupe kizimwe waifai moja kwa moja, simu zote zitumie 5GHz ya Archer, na usiku uzime 5GHz kwa ukurasa kutoka kwenye kompyuta. Hapo kitufe hutakitumia tena, kwa kuwa kinazima zote mbili na kamera itaondoka nazo. Mpango huu unafanya kazi, ila kila usiku mtu lazima aende kwenye kompyuta, na simu za zamani zisizojua 5GHz zitakosa mahali. Wa kwanza ni bora kama mawimbi yanaruhusu.

Utaniuliza, kwa nini nisiache ruta ijizime yenyewe? Inawezekana, Archer ina sehemu ya Wireless Schedule. Ila ina mitego miwili. Wa kwanza ni saa. Ruta inahesabu kwa saa 24, na nimeona mtu akitaka saa nne usiku akaweka 04:00. Waifai ikawa inazimika alfajiri na watoto wanakesha. Saa nne usiku ni 22:00, na saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Wa pili ni kwamba ruta hizi huchukua saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Umeme ukikatika na kurudi huku intaneti ikiwa bado haijarudi, saa yake inakuwa ya uongo, na ratiba inafuata saa hiyo ya uongo. Kwenye mipangilio ya saa hakikisha umechagua ukanda wa GMT+03:00, vinginevyo kila kitu kitapishana kwa saa kadhaa.

Na kwa kuwa nimetaja umeme: ulichokizima kwenye ukurasa kimehifadhiwa, hata umeme ukatike mara kumi usiku mmoja kitabaki kimezimwa. Cha kitufe kinategemea aina ya ruta. Nyingine zinakumbuka, nyingine zikiwaka upya zinarudisha waifai hewani saa nane za usiku. Kuijua yako ni kazi ya dakika 3: zima kwa kitufe, chomoa adapta, hesabu kumi, chomeka, subiri itulie, kisha utazame kwenye simu kama jina la Archer limerudi. Tazama kwenye orodha ya waifai ya simu, siyo kwenye taa peke yake, kwa sababu kuna ruta zenye uwezo wa kuzima taa zote usiku huku redio zikiendelea kufanya kazi.

Usiitegemee pia orodha ya DHCP Client List kama ushahidi wa nani yuko hewani. Orodha hiyo inaonyesha waliopewa anwani, na TP-Link kwa kawaida inatoa anwani kwa dakika 120. Simu ya kijana inaweza kuonekana pale saa moja baada ya redio kuzimwa, na yeye amelala fofofo. Usimwamshe kwa kosa la orodha.

Asubuhi, unaposhikilia kitufe kuwasha, 2.4GHz inarudi ndani ya sekunde chache. 5GHz inaweza kuchelewa. Ikiwa ruta imechagua chaneli kati ya 52 na 144, kanuni za masafa katika nchi nyingi zinaitaka isikilize kwanza angalau sekunde 60 kama kuna rada inayotumia mawimbi hayo, na kwa kanuni za Ulaya chaneli 120 hadi 128, zinazotumiwa na rada za hali ya hewa, zinasikilizwa dakika 10. Kwa hiyo ukiona jina la 5GHz halijatokea, usikishikilie kitufe mara ya pili, maana utakuwa umeizima tena.